Scholastique Haandikagi

Buyenzi, ukiuliza hina, watu wanakuonyesha mlango mmoja tu, ule wa kijani wa Mwantum. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka thelathini mabibi harusi wa mtaa ule wameingia kwenye magari yenye maua wakiwa wamepita kwanza mikononi mwake. Hachori kwa kuiga kitabu. Anaanzia kidole cha kati, anashuka mgongoni mwa mkono, anauzunguka mfupa wa kiwiko kama mtu anayezunguka mtaa alikozaliwa, na muda wote huo mdomo wake unafanya kazi kuliko mkono. Ana udhaifu mmoja, na yeye mwenyewe anaukiri: akisikia kuna picha mahali, lazima aione.

Alhamisi ile, saa tisa alasiri, alikuwa na Soumaya mkekani. Soumaya alikuwa anaolewa Jumamosi, anahamia Kinindo. Mikono yake yote miwili ilikuwa imechorwa hadi kiwikoni na kunyooshwa mbele ikauke, kama mtu anayeomba asamehewe.

Simu ya Mwantum ikalia juu ya kigoda. Ilikuwa WhatsApp, jina la Scholastique, yule Mkongomani wa Mutanga Nord anayemuuzia vitenge.

"Coucou. Nimeona picha yako hapa. Angalia," Mwantum alisoma. Chini yake kulikuwa na kiungo kirefu, cha bluu.

"Picha gani, Mama?" Soumaya aliuliza.

"Ndiyo nataka kujua."

Akabonyeza kwa kidole kidogo, hicho tu kilichokuwa safi. Ukafunguka ukurasa mweupe wenye rangi na alama za mtandao ule wanaoupenda wote, ukamwambia athibitishe yeye ni nani kwanza: weka namba ya simu. Akaweka. Ukurasa ukamletea herufi na tarakimu nane. Papo hapo WhatsApp yake mwenyewe ikatoa ujumbe wa Kifaransa, maneno mengi, ukimtaka aandike code ile ili kuunganisha kifaa. Mwantum hakusoma maneno mengi. Alisoma lile la mwisho, *Confirmer*, yaani thibitisha, akaandika zile nane na akaconfirmer.

Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Picha haikuja.

"Labda umetoka vibaya, wameona haya kuionyesha," Soumaya alisema, wakacheka mpaka koni ya hina ikatetemeka.

Ni kicheko hicho kilichomwamsha. Mwantum akaurudia ujumbe ule, neno kwa neno.

"Soumaya. Scholastique haandikagi."

"Haandikagi nini?"

"Haandikagi kitu. Kucha zake ndefu hivi, anatumaga sauti, dakika saba, anakusalimia wewe, anasalimia mbuzi wako, ndipo anasema shida. Miaka kumi sijawahi kuona neno lake moja. Na salamu ya *coucou*? Mi ananiitaga Maman Hina."

Akampigia, simu ya kawaida, siyo WhatsApp, kwa sauti kubwa. Scholastique alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Maman Hina, usifungue kile kitu. Si mimi. Tangu asubuhi mutu yuko naandikia watu yote kwa jina langu, hata padri amemutumia coucou."

"Padri?"

"Padri. Umefungua?"

Mwantum akaishusha simu. Macho yake yalikutana na ya Soumaya, na wote wawili walikumbuka kitu kimoja. Jana Soumaya alimtumia picha nne, humo humo ndani ya WhatsApp: kichwa wazi, nywele zimeachiliwa mgongoni, ili Mwantum achague maua ya kuzisukia. Alimwapisha kwanza. Ni wewe tu, Mama, hata mume wangu bado hajaziona.

"Mama, picha zangu," Soumaya alisema polepole.

Mwantum akampigia Tajudini, mtoto wa kaka yake, anayetengeneza simu karibu na soko. Akaweka sauti kubwa.

"Shangazi, niambie ulichofanya, usinifiche hata kimoja," Tajudini alisema baada ya salamu na kusikia shida. "Uliteremsha kitu? Faili? Application?"

"Apana."

"Uliweka namba yako ya siri ya pesa?"

"Apana. Niliweka namba ya simu. Halafu wakanipa code nane, nikaiandika mu WhatsApp."

Ilisikika Tajudini akiweka bisibisi chini.

"Basi huyo mutu hakuchukua WhatsApp yako. Ameingia ndani, mko wawili. Anasoma na wewe. Fanya haraka."

Hofu ni kitu cha ajabu: Mwantum alikuwa bado ameshika koni, na aliposikia "mko wawili" aliibana kama shingo ya kuku. Hina ikaruka. Vidole kumi, kanga, kioo cha simu, vyote vikawa tope la kijani. Akafuta kwa kanga, ikawa mbaya zaidi.

"Fungua WhatsApp," Tajudini aliendelea kwa raha, hajui. "Nukta tatu juu, kulia. Umeona *Appareils connectés*?"

"Simu hainitii, baba. Inafikiri mi ni udongo."

Akabonyeza, ikafungua kamera. Akabonyeza tena, ikapiga picha ya dari. Soumaya alitazama mikono yake mwenyewe, saa mbili za kazi, bado mibichi. Akatazama simu.

"Inyanyue, Mama. Futa na kiwiko."

"We utafanya nini?"

Soumaya aliinama, akabonyeza kwa ncha ya pua.

Nukta tatu zikatii. Mwantum akashikilia simu kwa viganja kama sahani ya supu, akiipandisha na kuishusha mbele ya uso wa bi harusi. "Chini kidogo. Kushoto. Umepita, rudi." *Appareils connectés*. Pale palikuwa na kifaa kimoja wasichokijua, kompyuta, kimeunganishwa dakika kumi na moja zilizopita.

"Mukiguse, mubonyeze *Se déconnecter*," Tajudini alisema. "Na mbona munacheka?"

Hawakuweza kumjibu. Walikuwa wanacheka na kulia, pua ya Soumaya ikiwa imekwama mara ya kwanza kwenye hina. Ya pili ikapata. Kifaa kikatoweka.

"Sawa," alisema Tajudini. "Sasa shangazi, sikia. Weka *vérification en deux étapes*, ule ulinzi wa hatua mbili, namba sita, zako peke yako. Haingezuia hii ya leo, lakini inafunga mlango mwingine. Waambie watu wako wote wasifungue kitu chochote kutoka kwako. Na Scholastique naye aangalie appareils zake."

"Na picha?" Mwantum aliuliza. Hakuwa anacheka tena.

"Nilichokitoa ni mutu. Alichoona katika hizo dakika, siwezi kukitoa. Pengine hakuona kitu, hao hutafutaga wengine wa kudanganya. Lakini siwezi kukuapia."

Simu ikakatwa. Mwantum alikaa na vidole vyake vya kijani, akamtazama Soumaya, ambaye juu ya pua alikuwa na doa la hina la mviringo.

"Ni kosa langu," alisema. "Ulinipa amana. Ukitaka nimwite mtu mwingine akumalizie, nitamwita mwenyewe, na nitamlipa. Na wengine wote walionitumia picha nitawapigia leo, mmoja mmoja, nawaambia ukweli."

Soumaya alifikiri. Alifikiri kweli, ilionekana kwenye paji la uso.

"Mimi niliona umebonyeza, sikukuzuia. Hata mi nilitaka kuiona hiyo picha yako." Akashusha pumzi. "Futa zangu sasa, mbele yangu. Maua utachagua kesho kwa kukiangalia kichwa chenyewe. Halafu unifute hii pua, kabla haijashika."

Mwantum akaenda kunawa mpaka viwikoni. Akarudi, akazifuta picha nne moja baada ya nyingine, Soumaya akizihesabu kwa sauti, kisha akalowesha kitambaa, akaisugua pua ile taratibu. Doa likabaki rangi ya chungwa, dogo, kama dengu.

"Poda itaficha," alisema.

"Isipoficha nitasema ndiyo mtindo wa Buyenzi," Soumaya alijibu, akanyoosha mguu wake wa kulia juu ya mapaja ya Mwantum. "Anza na kidole kikubwa."