Mimi, Saa ya Unga

Saa ya mkononi ilikuwa moja tu kijijini kwetu, upande huu wa Kahemba. Ilikuwa ya katekista, nayo ilikufa kabla ya mwenyewe. Ndiyo maana wanawake walinichagua mimi Kamwanya, mzee nisiyejua kusoma hata dakika, niwe saa yao.

Sababu ni muhogo. Wetu ni mchungu, una sumu. Unamenywa, unalazwa kijitoni siku tatu mpaka ulainike na kunuka, ndipo unaanikwa hadi ukauke kau. Lakini lori la Kinshasa likipiga honi, nani atasubiri siku tatu? Tunautoa baada ya usiku mmoja, uliokwisha kulainika tunauuza, na ule wenye haraka yetu ndani yake tunakula wenyewe. Tunakula asubuhi na jioni, kwa majani matupu, bila samaki, bila maharage, maana viwavi tunaowala nao wana msimu wao.

Kiangazi kilichopita mjukuu wangu Mukanza aliamka kwenda kuteka maji, miguu ikakakamaa, magoti yakagongana. Konzo, ugonjwa wa sumu ya muhogo. Leo anatembea kwa fimbo mbili, na muuguzi alituambia hatapona. Kabla ya muuguzi kuja watu walisema nimemroga mimi. Nililia sana. Halafu, Mungu anisamehe, nikaona fahari kidogo: maisha yangu yote sijawahi kudhaniwa kuwa naweza jambo gumu hivyo.

Muuguzi alitufundisha: unga ukishatwangwa, uuchanganye na maji, uutandaze mwembamba juu ya mkeka. Sumu iliyobaki hupaa na upepo. Saa mbili juani, au saa tano kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. "Na mkipata maharage, msiyauze yote," akasema.

"Saa mbili tutazijuaje?" akauliza mkwe wangu Kafuti, mama yake Mukanza.

Jirani yetu Mama Fwakasa akacheka. "Mpeni Kamwanya asimulie jinsi mume wake wa kwanza alivyompanda kiboko kwenda kuposa. Akimaliza, jua litakuwa limeshachoka."

Basi ikawa hivyo. Natandaza unga, nafukuza kuku, naongopa. Kiboko akifika ukweni, sufuria zinawekwa motoni.

Siku moja ya kiangazi anga liligoma. Ukungu mzito, jua halionekani hata kwa kuotea. Nilimfikisha kiboko, nikaongeza mamba aliyekuwa mshenga, nikaongeza na harusi. Nikafika mwisho. Mwisho kabisa. Kichwa kitupu kama kibuyu kilichotobolewa.

Kafuti akasimama. Mgongoni alikuwa na Lusamba, dada yake Mukanza, ambaye tangu jana hajala kitu.

"Mama mkwe, kiboko ameoa. Napika."

"Bado, mwanangu. Leo hakuna jua, ngoja saa tano zitimie."

"Mtoto analia njaa!"

"Na fimbo za Mukanza ulizichonga mwenyewe. Unataka kuchonga nyingine?"

Akachuchumaa tena. Lakini mkono ulibaki kwenye kingo za mkeka, na Lusamba akazidi kulia. Nilijua nikinyamaza pumzi chache tu, unga utaingia sufuriani.

"Hadithi zangu zimekwisha," nikasema. "Basi nisemeni mimi. Semeni mabaya yangu yote, sitajibu."

Mama Fwakasa alikuwa amejilaza ubavu. Akakaa vizuri.

"Kweli hujibu?"

"Sijibu."

"Haya! Nani hapa anakumbuka Kamwanya alivyoanguka ndani ya pipa la asali ya mchungaji?"

Wote walikumbuka. Walikumbuka pia nilivyoimba mazishini wimbo wa ngoma ya harusi, nilivyomkimbia kondoo nikidhani ni chui, nilivyojisifu kwa mkuu wa wilaya kumbe ni dereva wake. Majirani waliokuwa wakipita, mwenye duka akiwamo, waliweka mizigo chini. Kafuti alianza kwa kununa, kisha akadakia: "Bado hamjui alivyonifundisha kupika wali! Ulikuwa uji, akasema ndivyo wanavyokula matajiri!" Akacheka mpaka Lusamba mgongoni akatikisika, akaacha kulia apate kusikia.

Nilijaribu kujibu mara mbili. Nilizomewa.

Kuku walipoanza kutafuta pa kulala, nilipeleka pua kwenye mkeka. Harufu kali imekwenda. Nikamwambia Kafuti, "Songa."

Akasonga. Nilikwenda kwa mwenye duka nikakopa kopo la maharage, nikiwa na deni lingine kwake, na ni deni hilo hasa alilowasimulia watu pale mkekani. Lusamba alikula, akalamba vidole, akatoka akikimbia kumfuata paka.

"Mama mkwe," Kafuti akasema akichota maji ya kunawa, "yapo mengine ambayo sijayasema."

"Funga mdomo wako, mwanamke. Kesho nayo huenda isiwe na jua."