Mikate Mia Sita ya Jumamosi

Mama mkwe wangu humwita binti yangu mke mwenzake. Mtoto ana miezi mitano, hajaota hata jino, lakini kila asubuhi hukaribishwa jikoni kwa maneno: "Umeamka, mke mwenzangu? Mume tumegawana, kazi je?" Kisha namlaza kwenye kapu chini ya meza, naanza kupaka mafuta makopo ya mikate.

Mtaani wanamwita Mama Kipimo. Hakuna anachokadiria kwa jicho. Unga hupimwa, chumvi hupimwa, hata maji ya hamira huyajaribu kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Jiko lake ni chumba kimoja: mlango mmoja, dirisha moja, oveni ya gesi ya mkono wa pili yenye rafu mbili. Kila rafu inabeba makopo sita. Kwa hiyo ni mikate kumi na miwili kwa mara moja, na kila siku tulikuwa tukioka mara mbili, basi.

Jumatano moja alikuja mgeni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na barabara ilikuwa tope tupu, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Niliviangalia sana. Alisimama mlangoni bila kuegemea popote.

"Nataka mikate mia sita," alisema. "Jumamosi, saa sita mchana."

Mama alicheka. "Baba, umekosea mlango. Kiwanda kiko mjini."

"Sijakosea. Nataka ya jiko hili."

"Ni shughuli gani hiyo?"

"Wageni."

"Wageni wa nini?"

"Wa kula, mama." Akatabasamu, na kwa sababu nisizozijua nikainama kumwangalia mtoto wangu. Mgeni naye alikuwa akimwangalia. "Nitakuja Ijumaa kuchukua jibu."

Alipoondoka, Mama alichukua chaki akaandika ubaoni. Mia sita gawanya kwa kumi na mbili: mara hamsini. Kila mara, dakika thelathini na tano za kuoka na kumi za kutoa, kupakia na kusubiri joto lirudi. Akapiga hesabu, akapigia jibu mstari. Saa thelathini na saba na nusu, oveni isizimwe.

"Haiwezekani, Mama," nikasema.

"Haiwezekani kwa nani? Tukianza Alhamisi usiku?" Macho yake yaling'aa. Miaka kumi na tisa anaoka, na hakuna aliyewahi kumwambia anataka ya jiko lake. "Kesho tujaribu. Badala ya mara mbili, mara sita mfululizo. Jiko lenyewe litatujibu."

Alhamisi kulivuma upepo wa baridi. Mwokaji yeyote anajua upepo ni adui wa unga uliokandwa: hukausha ngozi yake juu, hamira inapoa, donge linagoma kuumuka. Siku zote tunaoka mara mbili tu, na dirisha tunalifunga kwa muda tu. Siku ile Mama alilifunga kabisa, akachukua gunia bichi akaziba nalo upenyo wa chini ya mlango. Mimi mwenyewe nilimsaidia kulisukuma kwa kidole cha mguu.

Oveni iliwashwa saa nne, nikiwa nimemaliza kunyonyesha. Mikate ya kwanza ilitoka mizuri, ya kahawia, ukiigonga chini inalia kama ngoma. Ya pili pia. Lakini Mama alikuwa anakanda kwa kasi kuliko oveni inavyomeza, na unga haujui kusubiri foleni. Beseni la nne lilikuwa limeumuka kabla la tatu halijaingia motoni. Lilisukuma kitambaa kilicholifunika, likakinyanyua polepole, kama mtu anayeamka chini ya shuka. Kisha likashusha pumzi. Kweli, nilisikia: *fuuu*. Likazama katikati, likatoa harufu kali ya pombe.

"Nani anaimba?" Mama aliuliza.

"Hakuna anayeimba, Mama."

"Huko nje. Mwanamke."

Nikasikiliza. Kioo cha dirisha kilikuwa kimejaa mvuke, matone yanateremka. Sikusikia wimbo, ila kichwa kilikuwa kinanigonga kwenye paji la uso, na nilihisi kuna mtu wa nne chumbani, amesimama nyuma yetu kwa adabu, akisubiri tumalize. Niligeuka mara mbili. Ulikuwa ukuta tu.

Mikate ya tatu ilitoka imepauka, na makopo yana masizi chini. Nikachungulia motoni. Moto wetu huwa wa bluu, mfupi, umejipanga. Sasa ulikuwa wa manjano, mrefu, unayumbayumba kama unatafuta kitu.

Mama akachota chumvi, akapima, akamimina. Akachota tena, akapima, akamimina kwenye beseni lile lile. Mama Kipimo! Nilitaka kumwambia, lakini maneno yalikuwa mbali, mwili umekuwa mzito. Nikawaza, nikae kidogo tu.

Kilichonizuia ni kifua changu. Gauni lilikuwa limelowa mbele. Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, yanajimwaga yenyewe. Nikaangalia saa ya ukutani: saa saba imepita. Mtoto wangu, ambaye huamsha mtaa mzima ikifika saa sita, hakuwa amelia.

Nilimtoa kwenye kapu. Shingo yake ilianguka nyuma mkononi mwangu.

Sijui nililiaje. Najua Mama alizinduka kwa kilio hicho, akavuta mlango, mlango ukakwama kwenye gunia, akauvuta huku mguu mmoja ameukaza ukutani. Upepo uliingia wote kwa pamoja. Nikatoka naye nje, nikaanguka kwa magoti topeni nikimpulizia usoni. Mama alikuwa amepiga magoti pembeni, mikono imejaa unga, akisema, "Mke mwenzangu, usinifanyie hivyo. Usiniachie mume peke yangu."

Mtoto akakohoa. Akalia. Kilikuwa kilio chembamba, cha hasira, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Zahanati walituwekea wote hewa ya mtungi, mtoto kwanza. Muuguzi hakutukemea. Alieleza tu kwamba moto nao unapumua. Ukiuwasha muda mrefu ndani ya chumba kilichozibwa, unamaliza hewa safi, kisha unaanza kutoa sumu isiyo na harufu. Huumwi koo wala macho. Unasinzia tu. "Na mdogo hutangulia," alisema.

Ijumaa mgeni alikuja. Dirisha lilikuwa wazi, mlango umewekewa jiwe usijifunge, mtoto yuko mgongoni kwangu na si chini ya meza tena.

"Sitaweza," Mama alimwambia. "Jiko hili ni la mikate ishirini na nne kwa siku."

"Hata mia mbili?"

"Hata thelathini."

Hakukasirika. Aliangalia dirisha. "Wote husema hivyo wakishafungua," alisema taratibu, na hakuna aliyekuwa amemsimulia. "Humjui mwenzako mwenye jiko kama hili?"

Tulimjua. Yule mjane wa mtaa wa chini, mwenye watoto watatu, anaokea kwenye chumba anacholala.

"Simjui," Mama akasema.

Mgeni akainamisha kichwa kama anayeshukuru, akaondoka. Mama alimtazama mpaka kwenye kona, ambako alikata kuelekea mtaa wa chini, bila haraka. Kisha akavua aproni, akaitupa juu ya unga ambao hakuwa amemaliza kuupima.

"Kaza mbeleko, mwanangu," aliniambia, tayari yuko barabarani. "Tupite uchochoroni. Lazima tufike kabla yake."