Gunia la Kulipia Ada

Nilipochaguliwa kusomea stashahada ya uuguzi Ifakara, kila aliyetaka kunisaidia nilimwona mwizi.

Hospitali ya misheni ilikuwa tayari kunilipia ada, ila nikimaliza niitumikie miaka mitatu, na vyeti vyangu halisi wakae navyo wao. Vyeti vyangu wavifanyie nini? Nikafikiria kuuza dukani kwa mtu nikitoka darasani, lakini wanafunzi walipangiwa zamu wodini, hata Jumapili. Nani angeniajiri kwa saa hizo za kubahatisha?

Akabaki mnunuzi wa mpunga wa kule kwetu Mofu. Yeye hakutaka cheti wala saini. Angenikopesha ada, na baba amlipe magunia kumi kila mavuno hadi nihitimu. Baba akafurahi. Mama akamuuliza mnunuzi, "Gunia lipi, bwana? Hebu tulione."

Akatufungulia stoo. Kila gunia lilikuwa limejaa hadi mdomoni, kisha likashonewa juu kipande cha gunia jingine, nacho kikajazwa. Lumbesa!

"Kumi yako ni kumi na tano yetu," mama akamwambia, tukaondoka.

Nikarudi hospitali, nikausoma mkataba mara tatu nikitafuta lumbesa yake. Niliikuta ukurasa wa mwisho: miaka mitatu ingehesabiwa tangu cheti kitoke, si tangu nianze kazi, na cheti huchelewa miezi mingi mtu akiwa tayari kazini. Karani alinitazama, kidole changu kikiwa palepale.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona. Yenu angalau mmeiandika," nikasema, nikasaini.