Kazi Ambayo Mashine Haikuimaliza

Andika, mjukuu wangu, wala usiyapambe maneno yangu. Nilipokuwa kijana nilitoka kwetu Mbeya, nikaenda kupasua mbao kwa mkono katika msitu wa upande wa Iringa. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alisimama juu ya gogo akiuongoza msumeno. Mimi nilikuwa shimoni chini yake, nikiuvuta, unga wa mbao ukinijaa machoni. Wa juu ndiye mkubwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Kisha mwenye msitu akaleta mashine yenye msumeno wa duara. Msimamizi akatangaza kwamba mashimo yatafukiwa, na kila mtu achague kazi pale kwenye mashine. Atakayekosa atapanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Mke wangu alikuwa mjamzito. Sikutaka mtoto azaliwe nikiwa Tanga.

Shemeji alichagua papo hapo kulisukuma gogo kwenye msumeno.

“Mkubwa hukaa mbele,” alisema. “Na wewe, bwana shimo?”

“Ngoja kwanza niitazame.”

“Utaitazama mpaka ikuoe!”

Wenzetu walicheka. Mimi nikakaa juu ya kisiki, nikaitazama mashine kutwa nzima, kwa maana nilitaka kujua ni kitu gani kinachoichosha. Injini haikuchoka. Wasukumaji walikuwa wengi, lakini kando yao mafundi walikuwa wakitandika reli, nami nikajiuliza ni ya nini. Mara kwa mara mashine ilizimwa, msumeno ukafunguliwa, na fundi mmoja akaunoa jino kwa jino kwa tupa, kisha akayapinda meno, moja kushoto, moja kulia, ili usibanwe ndani ya mti. Nikakagua magome. Magogo yaliburutwa na maksai, hivyo yalijaa mchanga. Kadiri mashine ilivyokwenda mbio, ndivyo ilivyokula mchanga mwingi zaidi, na meno yakawa butu upesi.

Nikaomba kazi ya tupa. Ujira wake ulikuwa mdogo kuliko wa kusukuma, na shemeji hakuacha kunikumbusha.

Reli ilipokamilika, likaletwa toroli la kuvutwa kwa waya. Gogo likawa linajipeleka lenyewe. Wasukumaji wakaachishwa, shemeji akiwa miongoni mwao. Alikuja kwangu bila mzaha.

“Shemeji, nifundishe.”

Msimamizi alikuwa ameagiza msumeno wa pili, wa kufungwa wakati ule mwingine ukinolewa, hivyo kazi ya tupa iliongezeka. Alikubali kumjaribu shemeji siku moja tu. Shemeji akaisugua tupa mbele na nyuma, kama tulivyozoea kuvutana na msumeno wetu.

“Inyanyue unaporudi,” nilimwambia. “Tupa hukata ikienda mbele tu. Unaiua.”

“Unaniamrisha mimi?”

“Ndiyo.”

Alinikazia macho, halafu akainama, akarudia jino lile lile. Safari hii aliinyanyua. Lori la manamba lilipopita kuelekea pwani, halikumchukua yeye wala mimi.