Barua ya Kuhama Segese

Kazini waliponiambia nahamia Isaka, kwenye bandari kavu, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nilishajiona nikisimamia treni nzima, mimi mpakiaji tu! Halafu nikakumbuka chumba nilichopanga hapa Segese. Nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita, nimekaa miwili, na mkataba haukuruhusu kuondoka wala kumwachia mtu chumba bila ridhaa ya mwenye nyumba. Bila kurudishiwa kodi iliyobaki, Isaka ningelala wapi?

Nikaandika barua. Nikaeleza uhamisho, nikaambatanisha barua ya kazini, nikamtaja mpangaji wa kuchukua nafasi yangu, dada mmoja fundi cherehani. Chini, ili ionekane ya maana, nikaandika: Nakala kwa Mwenyekiti wa Kitongoji.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mwenyekiti alikuwa shahidi kwenye mkataba wetu, kwa hiyo nilimpelekea nakala yake kwanza. Mama mwenye nyumba akasikia habari kisimani kabla hajaiona barua.

“Shikamoo mama,” nikamsalimu uani, barua yake mkononi.

“Marahaba. Umenishtaki?”

“Hapana mama! Ni barua tu.”

“Barua ya kupitia serikalini! Chakula changu umekula, leo unanipeleka kwa mwenyekiti kama mwizi wa mbuzi.”

Nilipiga magoti palepale uani, kuku wakinishangaa. Nikamwambia ukweli: sikujua, nilidhani ndiyo heshima. Akacheka hadi akajifuta macho kwa khanga.

“Inuka, ng'wanone, mwanangu. Utachafua suruali ya uhamisho. Ila kodi yako nimeezekea bati. Huyo fundi wako akilipa, nitakupa chako. Asipolipa, sina. Mlete nimwone.”

Jioni nikamleta. Mama akamzunguka kama anakagua ng'ombe mnadani.

“Cherehani lako linapiga kelele?”

“Kidogo, mama. Saa mbili usiku nalifunga.”

“Mume?”

“Sina.”

“Basi tutapumua. Huyu kijana alikuwa anaimba bafuni, tena vibaya.”

“Mama!” nikalalamika. Yule dada akacheka, nami nikajua mambo yameiva.

Kesho yake tulikwenda kwa mwenyekiti wote watatu. Mkataba wangu ukaandikwa umevunjwa kwa maelewano, wa dada ukasainiwa upya kwa jina lake, siyo langu. Akalipa mbele yetu, na mama akanipa kodi ya miezi yangu minne iliyobaki papo hapo.

Tuliporudi nikamkabidhi dada ufunguo. Nilidhani nitaondoka mbio, lakini akaniuliza dirisha linafungwaje, maana lilikuwa limegoma. Nikamwonyesha: unalisukuma kwa bega, unalinyanyua kidogo. Alijaribu mara mbili, likafungika, chumba kikawa giza. Tukasimama gizani chumbani kwake, mimi na begi langu, nikaaga.