Siku za Dawa, Siku za Bati

Mimi nina mdomo. Sijisifu, ndivyo nilivyo. Kwetu tukikaa watatu jirani anadhani kuna ugomvi, na mama alizoea kusema kwamba mimi nilizaliwa naongea. Katika duka ninalofanyia kazi ya uhasibu, mdomo huo ulipata mwenzake: muuzaji wa kaunta, Mzaramo aliyeoa Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, akahamia huku moja kwa moja. Mimi Mnyamwezi. Basi tukawa watani, na asiyejua utani wetu angetuita polisi.

Watu wa pwani na sisi tumetaniana tangu safari za misafara, ndivyo tulivyokuzwa kuambiwa. Mtani anakutukana mbele ya wateja na huruhusiwi kukasirika. Akiniona naingia asubuhi na mkoba wangu wa kompyuta, alikuwa anapaza sauti kaunta nzima isikie: "Mpagazi huyo, kafika! Leo umebeba mzigo wa nani?" Nami namjibu, "Nyamaza wewe, kwenu ngoma ikilia hata mgonjwa anaamka." Wateja wanacheka, bati zinauzika. Bosi wetu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Tabora na anayezungumza Kiswahili kunishinda, alikuwa anatikisa kichwa tu na kurudi kwenye chai yake.

Upande mmoja tunauza bati, saruji, misumari na nondo. Upande wa pili tunauza dawa za kunyunyizia tumbaku na pamba. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kodi yake si moja. Bati na saruji zina kodi ya ongezeko la thamani, asilimia kumi na nane. Dawa za shambani zimesamehewa.

Mzee aliponunua mfumo wa kompyuta wa kuendeshea biashara, ule unaounganisha mauzo, manunuzi, stoo na hesabu, kijana aliyetuletea alikaa nasi kidogo akaondoka. Kazi ya kuweka misimbo ya kodi akaniachia mimi. Nilifurahi! Nani mwingine mjini alikuwa anaijua kama mimi? Nikafungua msimbo wa mauzo, asilimia kumi na nane, nikauelekeza kwenye akaunti ya kodi tunayodaiwa na serikali. Nikafungua wa manunuzi, nikauelekeza kwenye akaunti ya kodi tunayorudishiwa, na nikahakikisha hautumiki kwa ankara isiyo na risiti halali ya mashine. Nikafungua wa bidhaa zilizosamehewa, nikaubandika kwenye dawa zote. Nikajaribu ankara moja ya mkandarasi anayejenga jengo kule njia ya Kipalapala: bei laki moja, kodi elfu kumi na nane, jumla laki moja na elfu kumi na nane. Sawasawa kabisa. Nikamwita mzee aje aone, na nikajiona mtu.

Kwenye ule msimbo wa mauzo kulikuwa na kijisanduku kidogo cha kuweka tiki: bei imejumuisha kodi. Sikukitia tiki. Kwa mkandarasi ilikuwa sahihi, kwa sababu yeye anapewa bei kabla ya kodi, halafu kodi inaongezwa juu. Lakini kaunta ya Tabora haiendi hivyo, na mimi nimekulia katika mji huu. Mtu akitoka Nzega na hela yake ya bati anauliza, "Bei ya mwisho?" Anatajiwa, anabisha, wanakubaliana, na hiyo waliyokubaliana ina kila kitu ndani, kodi humohumo. Hakuna anayesema "na kodi juu". Akisema hivyo, mteja anahamia duka la pili. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, lakini nilipokaa mbele ya kompyuta halikunijia.

Kaunta ilikuwa na mashine yake ya risiti, na haikuunganishwa na mfumo. Mtani anamuuzia mtu bati za laki moja na elfu kumi na nane, anampa risiti ya kiasi hichohicho, anatia hela kwenye droo. Baadaye mimi ofisini naingiza mauzo yale kwenye mfumo. Na mfumo, kwa utii wake, unachukua ile laki na kumi na nane kama bei isiyo na kodi, unaongeza kodi yake elfu ishirini na moja mia mbili arobaini, unasema droo iwe na laki moja na elfu thelathini na tisa mia mbili arobaini. Droo ina laki na kumi na nane. Upungufu.

Zamani mzee alikuwa analinganisha hela ya droo na kijikaratasi kinachotolewa na mashine jioni, chenye jumla ya siku na kodi yake. Mimi ndiye niliyemwambia aache. "Mzee, hayo makaratasi nitayabana, nitayaangalia mwisho wa mwezi wakati wa kujaza ritani ya kodi. Sasa tuna mfumo." Akanisikiliza. Kwa nini asinisikilize, si ndiyo kazi aliyoniajiria?

Upungufu wa kwanza mzee aliuliza kwa upole. Baada ya hapo akawa anasimama karibu na kaunta bila sababu, akijifanya anapanga makufuli. Mtani aliona. Siku moja akaja ofisini kwangu, akaegemea mlango na kicheko chake kilekile.

"Mpagazi, hiyo mashine yako ina jini. Siku nikiuza dawa mimi mwaminifu kama shehe. Siku nikiuza bati mimi mwizi. Sasa mwizi gani anachagua bidhaa?"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, "Mzaramo, jini liko mfukoni mwako. Dawa huwezi kula, zitakuua, ndiyo maana unazirudisha."

Akacheka na yeye. Lakini hakuondoka mlangoni. Akasimama akinitazama, kama mtu anayengoja aulizwe. Nami nikarudi kwenye kompyuta yangu. Ningekuwa nimeambiwa maneno yale na mtu mwingine yeyote, hata mbeba saruji, ningefungua ankara mbili nikazilinganisha. Alikuwa amenipa jibu lote mkononi, kasoro jini. Lakini kwa mtani mtu husikiliza utani tu, na mimi nilikuwa nimeshatengeneza la kumjibu kabla hajamaliza.

Wiki ile mzee akatuita wote wawili. Akaweka kwenye meza orodha ya mapungufu niliyoichapisha mimi. Mtani akasema hajachukua hata shilingi, hela aliyopokea ndiyo iliyo kwenye risiti. Mzee akanigeukia.

"Binti, mfumo unaweza kukosea?"

"Mfumo haukosei, mzee," nikasema. "Unahesabu kilichoingizwa."

Ni kweli, unahesabu kilichoingizwa. Nilisema vile kwa sauti ya darasani, nikijisikia msomi. Mtani hakunitania. Aliinamisha macho, akatoa funguo za droo mfukoni, akaziweka juu ya ile orodha. Mzee akamwambia akae nyumbani kwanza, afikiriwe. Na mtu akikaa nyumbani kwanza, Ng'ambo yote inajua kabla ya adhuhuri.

Mwisho wa mwezi nikatoa vile vijikaratasi nijaze ritani. Kodi ya mauzo kwenye mfumo ilikuwa imezidi ya mashine. Nikadhani nimeruka karatasi. Nikahesabu upya. Nikachukua mauzo ya bati peke yake, yale ya laki na kumi na nane: karatasi inasema kodi elfu kumi na nane, imo ndani, mfumo unasema elfu ishirini na moja mia mbili arobaini, juu. Nikachukua siku ya dawa tupu. Sifuri na sifuri, hakuna tofauti. Jamani! Nilitamani ardhi inimeze pale pale na kiti changu.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Ankara zilizokwisha kuingia kwenye hesabu huwezi kuzifuta, kwa hiyo nilizitolea hati za kuzibatilisha, nikafungua msimbo mwingine kwa ajili ya kaunta, nikatia tiki kwenye kile kijisanduku, nikaziingiza upya. Upungufu wote ukaisha. Wote, mpaka shilingi ya mwisho. Hakuna hata mmoja uliokuwa wizi.

Nilimweleza mzee nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Hakufoka. Heri angefoka. Alivua miwani, akasema, "Nimemdhalilisha mtu mzima mbele ya Ng'ambo nzima, kwa neno lako." Halafu akachukua kofia yake, tukaenda Ng'ambo.

Mkewe ndiye aliyetufungulia. Hakutukaribisha ndani, akasema mtoto wake amepigana shuleni kwa sababu baba yake ameitwa mwizi, na akanitazama mimi, si mzee. Mtani akatoka akiwa na kanzu ya nyumbani. Mzee akamwomba radhi waziwazi, wapita njia wakisikia, akamwambia mshahara wake haukukatwa na kaunta ni yake. Ikabaki zamu yangu. Mimi mwenye mdomo! Nikasema nimekosea, nikaeleza kijisanduku, nikaeleza tiki, nikajisikia najitetea, nikaacha. Nikasema tu, "Nisamehe."

"Nimekusamehe, mhasibu," akasema. "Yameisha."

Alirudi kazini Jumatatu. Anauza vizuri kuliko zamani, hela yake na mfumo vinalingana kila jioni, na mzee anamwamini mpaka na funguo za stoo. Mimi naingia asubuhi na mkoba wangu, naambiwa, "Habari za asubuhi, mhasibu." Nimejaribu. Nimemwambia Wazaramo wanalala mpaka jua la utosi, nimemwambia suruali yake ni ya kuchezea ngoma ya msondo. Anatabasamu kwa adabu, anasema, "Haya, mhasibu," anaendelea kupima misumari. Wateja wa zamani wananiuliza kama nimeugua.

Mwaka huu tulifiwa na mama mdogo. Kwenye msiba wetu watani ndio wenye fujo: wanalala kaburini mpaka walipwe, wanamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, wanaiba sufuria ya wali, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Nilimwona Mzaramo wangu anaingia uani, nikasimama, nikifuta macho, nikingoja anitukane. Nilitaka anitukane kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Alivua viatu. Akanipa mkono, akasema, "Pole sana, mhasibu, Mungu awape subira." Akaenda kwa mwandishi wa rambirambi, akatoa mchango wake, akakaa mkekani na majirani, kimya, mpaka wakati wa kuaga.