Karatasi ya Mama Kwenye Faili

Nina mdomo, sikatai. Ni kwa ajili ya mdomo huo Mama alinichagua mimi, kitindamimba niliyeolewa Kipkelion, akamwacha kaka yangu mkubwa aliyeishi naye boma moja huko Konoin.

Ilikuwa siku ya kliniki ya presha, hospitali ya misheni. Jirani yetu alikuwa amelala miezi kwenye mashine huko Nairobi, hamjui mtu, mpaka akafa. Mama akamwambia daktari, "Mimi hapana. Andikeni." Daktari akamuuliza maswali hadi akaridhika kwamba ameelewa. Sista akaandika: atibiwe kinachotibika, apewe dawa ya maumivu; lakini madaktari wakiona hatarudi kutambua watu, asiwekewe mashine ya kupumua wala mpira wa chakula, arudishwe nyumbani. Akishindwa kusema, mimi nimsemee.

"Lakini nikiweza kusema, wewe nyamaza," akanionya. Nikatumwa dirisha la dawa. Niliporudi alikuwa ameshaweka kidole gumba, daktari na mzee wa kanisa wametia sahihi, na karatasi imeingia kwenye faili.

Baada ya miaka miwili kiharusi kikamwangusha akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Walimtibu siku tano katika hospitali ile ile ya misheni. Siku ya sita daktari yule yule akatuita: ubongo umeharibika sana, hatarudi, na pumzi inaanza kumshinda.

Kaka alikuwa ameshakodi gari. "Tunaenda Nairobi. Huko wana mashine."

"Mama alikataa mashine," nikasema.

"Ala! Wewe umeolewa kwa watu. Utaamuaje mambo ya boma hili?"

Nilikuwa na hasira, na woga pia. Je, kama nilikuwa namuua mama yangu? Daktari alifungua faili, akasema, "Haamui yeye. Anasema aliyoyaamua mama yenu, na nilikuwepo." Akampa karatasi asome mwenyewe.

Kaka alisoma hadi chini, kwenye mstari ambao hata mimi sikuujua. Sauti ikamkatika, nikamalizia mimi: "Mtoto wangu wa kwanza asilaumiwe. Atatafuta gari la Nairobi kwa sababu hawezi kuniachilia. Ndiyo maana sikumpa kazi hii."

Haki ya Mungu, sijawahi kumwona kaka yangu akilia vile. Gari lile lile likatupeleka nyumbani, Mama amelazwa kwenye mapaja ya Kaka.

Alikaa siku nne, dirisha wazi, tukimlowesha midomo kwa pamba, sista akija kumdunga sindano ya maumivu. Nyumba ilijaa watu na chai. Alienda asubuhi, ametulia, nami nilifurahi katikati ya machozi. Naona haya kusema, lakini nilifurahi.

Kabla mwaka haujaisha Kaka alinijia Kipkelion na karatasi yake mwenyewe, imeshatiwa sahihi na daktari na mchungaji. Palipohitaji jina la wa kumsemea, palikuwa na langu.

"Usijivune," akasema. "Ni huo mdomo tu."